Nenosiri sahihi, lakini mtandao wa Wi-Fi ulikataa

Kompyuta ya ofisini niliyokuwa nikiitunza, yenye Windows, iliacha ghafla kuunganishwa na Wi-Fi ya wafanyakazi, ilhali jina la mtumiaji na nenosiri vilevile vilifungua barua pepe bila shida, na simu ya mtumiaji huyohuyo, iliyounganishwa upya siku chache kabla, ilikuwa hewani. Kwa sababu hiyo sikuomba nenosiri libadilishwe. Nilitaka kwanza kujua kama nenosiri hilo lilikuwa limefika kwenye seva hata kidogo.

Mtandao huo ulitumia PEAP, utaratibu wa kuthibitisha watumiaji wa Wi-Fi, na mpangilio wake una hatua mbili. Seva ya RADIUS, yaani ile inayothibitisha watumiaji, huonyesha cheti chake kwanza, kompyuta hukikagua, na njia iliyofumbwa hujengwa kati yao. Baada ya hapo tu ndipo uthibitisho wa nenosiri hupitishwa ndani ya njia hiyo. Kompyuta isipokiamini cheti, mazungumzo huishia hatua ya kwanza, ingawa mtumiaji huona tu ujumbe kwamba haiwezi kuunganishwa na kudhani kuwa ameandika vibaya. Nilimwomba msimamizi wa seva atazame kumbukumbu zake wakati nikijaribu kuunganisha, naye akanisomea mstari huu:

```
TLS Alert read:fatal:unknown CA
```

Neno la maana hapo ni `read`: seva imelipokea onyo hilo, kwamba mamlaka iliyotoa cheti haijulikani, kutoka kwa kompyuta, kwa hiyo aliyekataa ni kompyuta yenyewe. (Si kila kifaa hutuma onyo hili, vingine hunyamaza tu katikati ya mazungumzo, na kumbukumbu huonyesha jaribio lisilokamilika.) Msimamizi alieleza pia kwamba cheti cha seva kilikuwa kimebadilishwa karibuni, na kwamba kipya kilitolewa chini ya mamlaka nyingine ya vyeti. Hapo nikaelekea kwenye wasifu wa mtandao uliohifadhiwa katika kompyuta, nikautoa kama faili:

```
netsh wlan export profile name="Ofisi" folder=C:\wasifu
```

Ndani ya faili hiyo ya XML kuna sehemu ya `ServerValidation` yenye mambo matatu yaliyonihusu. `ServerNames` ilikuwa na jina la seva, nalo halikuwa limebadilika. `TrustedRootCA` ilikuwa na alama ya utambulisho ya cheti cha msingi kinachoaminiwa, tarakimu na herufi 40 kwa jumla. `DisableUserPromptForServerValidation` ilikuwa `true`, na hiyo ndiyo iliyoeleza ukimya wote: kompyuta ilikuwa imeagizwa isimuulize mtumiaji chochote bali ikatae moja kwa moja. Kisha nikaorodhesha vyeti vya msingi vilivyomo kwenye kompyuta:

```
Get-ChildItem Cert:\LocalMachine\Root | Format-List Subject, Thumbprint
```

Cheti kipya cha msingi kilikuwemo tayari, lakini wasifu ulikuwa bado unaitaja alama ya kile cha zamani. Jambo hili huwapotosha wengi, kwa kuwa kusakinisha cheti kipya hakutoshi ikiwa wasifu umefungwa kwenye kingine. Angalizo dogo: XML huandika alama hiyo kwa jozi zilizotenganishwa na nafasi, ilhali amri ya pili huiandika kwa mfululizo, hivyo ziondoe nafasi kabla ya kulinganisha.

Nilimwomba msimamizi anisomee kwa simu alama ya cheti kipya cha msingi, ikalingana na niliyoiona, nikaiweka ndani ya faili mahali pa ile ya zamani. Nikafuta wasifu wa awali na kuurudisha uliorekebishwa:

```
netsh wlan delete profile name="Ofisi"
netsh wlan add profile filename="C:\wasifu\Wi-Fi-Ofisi.xml"
```

Kompyuta iliomba jina na nenosiri upya, ikaunganishwa.

Mwenzangu alikuwa amependekeza njia ya mkato, yaani kuzima ukaguzi wa cheti. Ingefanya kazi, lakini sikukubali, kwa sababu mtu yeyote angeweza kuwasha kituo cha Wi-Fi chenye jina lilelile, na kompyuta ingempa majibu ya uthibitisho ambayo kwa MSCHAPv2, utaratibu unaothibitisha nenosiri ndani ya PEAP, yanaweza kuvunjwa ili kupata nenosiri. Kwa maoni yangu, ni heri mtandao unaokataa kuliko kompyuta inayomkubali kila mtu.

Njia hii ina mpaka wake. Wasifu unaosambazwa na sera ya kikundi haurekebishwi kwenye kompyuta moja; msimamizi lazima aubadilishe kwenye sera yenyewe, tena kabla ya kubadilisha cheti cha seva, la sivyo kompyuta zitaukosa mtandao ambao zilikuwa zikiutegemea kupokea sera hiyo, na itabidi ziunganishwe kwa kebo.