Kontrola inasema DRY RUN na kisima kimejaa

Jamani pampu ya sola ilikuwa inawaka dakika chache inazima, skrini inaandika DRY RUN, na jua linawaka kweli kweli. Kila mtu anasema kisima kimekauka. Nikashusha kamba yenye uzito, maji yako mita 18 na pampu imekaa mita 30, sasa ukavu unatoka wapi?

Nikahamia kwenye sensa. Hii yangu ina waya mbili, maji yakiifunika zinaungana, kwa hiyo nikazitoa kwenye kontrola nikaunganisha zile tundu mbili kwa kipande cha waya (hiyo ni ya kupima tu, usiiache hivyo, pampu itaungua siku maji yakiisha kweli). Bado ikazima vilevile. Basi sensa haina kosa.

Hapo ndo nikakumbuka kontrola nyingine zinabahatisha ukavu kwa kuangalia mota inavuta umeme kiasi gani, ukiwa mdogo sana inajua pampu inazunguka bila maji. Paneli ziko 6 kwa mstari, nikapima pampu ikiwa imezimwa nikapata volti 240, safi kabisa, ila pampu ikiwaka zinaanguka hadi 130. Mota inazunguka kivivu, maji hayafiki juu, kontrola inadhani kukavu.

Nikazima swichi ya paneli, nikakagua viungio kimoja kimoja, kimoja plastiki imeyeyuka na pini ndani nyeusi tii. Nimebadilisha, sasa pampu ikifanya kazi volti zinabaki 190 na kitu.