Siku moja maishani mwangu: kuweka lebo za hisia kwenye sentensi zenye lugha mbili

Saa 2 asubuhi. Nafungua fungu la kwanza la siku: maoni 100 ya watu mitandaoni, Kiswahili na Kiingereza vimechanganywa. Kila mstari naupa lebo ya hisia, yaani chanya, hasi au wastani. Halafu narudi neno kwa neno na kusema hili ni la lugha gani. Mwenzangu anapewa mistari ileile na haoni majibu yangu. Kwa lebo hizi modeli ya kompyuta itafundishwa kusoma hisia. Jamaa zangu wanaamini nalipwa kwa kubofya. Naomba leo mnifuate hadi jioni.

Mistari mingi haisumbui. Mtu kashukuru, mtu kalalamika, unaweka lebo unasonga. Pale kwenye lugha ya neno ndipo unapokwama. `pole` na `wake` ni maneno halali katika lugha zote mbili, kwa hiyo lazima usome jirani zake. Kisha unakutana na huyu:

```
update    EN
hii       SW
sijaenjoy ??
hata      SW
kidogo    SW
```

`sijaenjoy` ni la nani? Mzizi ni wa Kiingereza, lakini `si-` na `-ja-` ni vya Kiswahili, na ndivyo vinavyosema nani hakufurahia na kwamba mpaka sasa hajafurahia. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alilieleza jambo hili mwaka 1993 kwa mifano ya Kiswahili na Kiingereza: lugha moja huweka kiunzi cha sentensi, nyingine huchomekwa ndani yake. Kwa maneno ya namna hii tunatumia lebo `mixed`, ambayo ilikuwemo pia kwenye shindano la mwaka 2014 la kutambua lugha katika maandishi yaliyochanganywa. Lebo hiyo inasema neno lina lugha mbili. Haisemi kwamba furaha imekaa katika lugha moja na ukanushaji umekaa katika nyingine.

Saa 4. Tunalinganisha. Kati ya mistari 100 tumekubaliana 72. Inasikika vizuri, ila watu wawili wanaweza kukubaliana kwa bahati tu, na bahati hiyo lazima iondolewe. Kipimo tunachotumia ni kapa ya Jacob Cohen, ya mwaka 1960. Mimi nilitoa chanya 40, hasi 40, wastani 20. Mwenzangu alitoa 50, 30 na 20. Hapa chini `pe` ni makubaliano ya bahati, na `k` ni kapa yenyewe, ambayo hufika 1 mkikubaliana kila mstari.

```
pe = 0.40*0.50 + 0.40*0.30 + 0.20*0.20 = 0.36
k  = (0.72 - 0.36) / (1 - 0.36) = 0.56
```

Msimamizi wetu hakuifurahia hiyo 0.56. Mimi sikushtuka. Tuliisoma mistari 28 tuliyotofautiana, na karibu yote ilikuwa migumu kweli: mtu anasifu huduma kwa Kiingereza, anaweka `but`, halafu hasira yote inamwagika kwa Kiswahili. Tofauti hizo zilitupa kanuni mbili mpya za kuandika kwenye mwongozo. Hiyo ni kazi iliyofanyika.

Saa 7 mchana. Fungu la pili lina mistari 400, na safari hii limekuja na lebo zilizojazwa tayari ili twende haraka. Kuna programu ndogo inayotafuta mzizi wa kila neno, inautazama kwenye orodha ya maneno ya hisia, kisha inapendekeza. Sisi ni kukubali au kubadilisha. Tukaenda mbio kweli. Kufika saa 9 tumemaliza, na kapa imepanda hadi 0.91. Msimamizi akaandika kwenye kundi letu, "Hongereni sana, ndivyo inavyotakiwa."

Mimi roho haikutulia. Ni watu walewale, mwongozo uleule, maandishi ya aina ileile, iweje asubuhi 0.56 na mchana 0.91? Nikafungua mistari kumi yoyote. Wa tano ulikuwa na `sijaenjoy`. Lebo iliyopendekezwa: chanya. Mwenzangu: chanya. Mimi mwenyewe: chanya.

Nimeisoma sentensi ile kwa macho yangu na nikaipitisha. Iliniuma.

Chanzo hakikufichika. Ili ifike kwenye `enjoy`, programu inakata viambishi vyote vya mwanzo na kuvitupa. Pamoja navyo inatupa ule ukanushaji. Inabaki na furaha tupu, inaweka chanya, na mtu aliyechoka akiona jibu limeshaandikwa, jicho linalifuata. Kapa yetu ilipanda kwa sababu wote wawili tulikuwa tunakubaliana na programu.

Hapo saa nikaacha kuziangalia. Nikatafuta maneno yote yenye ukanushaji wa `-ja-`:

```
grep -niE '\b(si|hu|ha(tu|m|wa|u|i|li|ya|ki|vi|zi|ku|pa|mu)?)ja[a-z]+' fungu2.txt
```

Ilirudi mistari 31. Sita ilikuwa salamu tu, maana `hujambo` na `sijambo` zinaingia kwenye wavu huo huo. Tisa ilikuwa Kiswahili kitupu, kama `sijaona`. Ikabaki 16 yenye mzizi wa Kiingereza, na kati ya hiyo 12 ilikuwa imepewa chanya na sisi sote wawili.

Nikampigia mwenzangu. "Dada, fungua mstari wa 212, usome kwa sauti." Akasoma, akanyamaza. "Kaka, hii tumeipitishaje?"

Msimamizi alikuwa na haraka, akataka tuzigeuze zote 12 ziwe hasi kwa amri moja, tufunge fungu. Nilikataa, na tulivutana muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikamsomea mmoja kati ya hizo 12: `nani hajaenjoy hii? hakuna`. Huyo anasifu kwa kuuliza, chanya yake ni sahihi. Nikamsomea mwingine nje ya hizo 12, `sijaregret hata siku moja`, ambao programu iliuweka hasi kwa sababu ya mzizi wake, nasi tukaukubali, wakati ni chanya. Ukigeuza kwa upofu unarekebisha mistari 11, unaharibu mmoja, na huo mwingine unabaki na kosa lake. Akakubali tusome mmoja mmoja.

Tukasoma. Na hata hivyo, utafutaji ule unanasa `-ja-` peke yake. `sienjoy` haimo, `hawakuenjoy` haimo, `asidisappoint` haimo. Ukanushaji wa Kiswahili una sura nyingi, na kila moja inahitaji wavu wake. Kwa hiyo tukakubaliana lebo zilizojazwa zifutwe kabisa, na fungu lote lirudiwe kuanzia kesho, mistari 400, macho matupu. Kwenye mwongozo nikaongeza kwamba neno lolote la `mixed` litaandikiwa pia kama lina kiambishi cha kukanusha, katika safu yake peke yake, kabla mtu hajagusa lebo ya hisia.

Giza limeshaingia ninapoandika haya. Mgongo unauma na herufi zinacheza machoni. Nimeuacha wazi mstari mmoja tuliotofautiana hadi mwisho, mwenzangu hasi, mimi wastani:

```
sijahate, ila sijui kama nitarudi
```

Kesho tutaanza na huo.