"Siku 30 tu boss": nilivyojifunza kumbana sapalaya kabla ya msimu

Msimu uliopita wa shule kufungua niliagiza mabegi 6,000 zikiwa zimebaki siku 45, maana sapalaya alishaniambia siku 30 tu boss, na njiani mzigo unachukua kama siku 14, nikajumlisha nikaona niko poa kabisa. Mzigo ukaja siku 25 baada ya shule kufungua. Wateja walishanunua kwingine zamani, mabegi nikakaa nayo hadi yakashika vumbi.

Safari hii nikaanza zikiwa zimebaki siku 90, na sikumuuliza "itachukua muda gani" maana hilo swali jibu lake nalijua. Nikamuuliza hizo siku 30 unaanza kuzihesabu lini, nikilipa dipoziti au lini? Kimya kidogo, halafu akajibu aah, zinaanza zipu zikifika. Kumbe zipu hatengenezi yeye, anaagiza kwa mtu mwingine na zinachukua siku 21! Mwaka mzima nafanya naye biashara hajawahi kulitaja hilo, na mimi kusema kweli sikuwahi kuuliza.

Nikaja kwenye uwezo wa kiwanda. Akasema wanatoa mabegi 1,000 kwa siku. Sawa, lakini hayo ni ya wateja wote, kwa hiyo nikamuuliza katika hayo 1,000 yangu mimi ni mangapi, msimu ukiwa umepamba moto na kila mtu anataka lake? Akazungukazunguka weee mwisho akakubali 200. Sasa piga hesabu: 6,000 kwa 200 ni siku 30 za kazi, wanafanya kazi siku sita kwa wiki, hapo ni wiki tano, yaani siku 35 za kalenda. Ongeza 21 za zipu na 14 za njiani, jumla 70. Toa zile 45 nilizokuwa nazo msimu uliopita, ndo zile 25 zilizoniumiza.

Nikamwomba aniandikie hiyo 200 kwa meseji, pamoja na tarehe ya zipu kufika, nikalipia zipu siku hiyohiyo. Tukakubaliana pia mabegi 2,400 ya kwanza yaondoke wiki mbili baada ya kushona kuanza, yasisubiri mengine, na kila Jumamosi anitumie namba mbili, yaliyokatwa na yaliyoshonwa.

Hizo namba mbili ndo zilinisaidia. Wiki ya tatu yaliyokatwa yamepanda vizuri tu ila yaliyoshonwa yameongezeka 300 badala ya 1,200. Kitambaa kipo, zipu zipo, sasa nani hashoni? Nikapiga simu, akajitetea umeme, nikamwambia umeme ungekuwa tatizo hata kukata kungesimama. Akacheka, akakiri mashine zangu amempa mteja mwingine mwenye oda kubwa. Nikamrudishia meseji yake mwenyewe ya 200. Mashine zikarudi Jumatatu, na yale 900 wakayafidia kwa kushona usiku wiki mbili.

Awamu ya mwisho imeingia siku 18 kabla ya shule kufungua.