Katoni 4,318 zilizogoma kubadilika

Aliyeigundua ni bosi wangu wa hesabu, mama mmoja ambaye macho yake hayapitwi na tarakimu. Aliweka ripoti ya Machi na ya Aprili mezani kwangu, akagusa mstari mmoja kwa kalamu. "Hebu nieleze, mwanangu. Mauzo ya ng'ambo ni katoni 4,318 mwezi wa tatu na katoni 4,318 mwezi wa nne. Inawezekana kweli?"

Haikuwezekana. Lakini nilipofungua faili la Excel la ripoti, Muhtasari.xlsx, sikuona kosa lolote. Hakuna #REF!, hakuna seli nyekundu. Namba ilikaa mahali pake kama namba nyingine zote, na ndiyo maana imenikaa kichwani hadi leo. Namba hiyo huvutwa na kiungo kutoka faili lingine, na kiungo kilichokatika nilikitarajia kipige kelele. Hiki kilinyamaza.

Nililijua jambo moja: kati ya ripoti hizo mbili, mafaili yalikuwa yamehamishwa. Zamani Muhtasari ulikaa D:\Hesabu pamoja na mafaili ya kanda, Kaskazini.xlsx na Kusini.xlsx. Faili la mauzo ya nje, Nje.xlsx, lilikuwa kwenye diski nyingine, E:\Mauzo. Kaka mmoja wa ofisini aliyakusanya yote na kuyaweka kwenye seva, S:\Fedha\Hesabu. Kazi nzuri, sikuwa na neno nayo. Namba za kanda zilibadilika vizuri mwezi huo. Ni ya ng'ambo tu iliyoganda.

Nikabofya ile seli, nikasoma fomula polepole:

```
='E:\Mauzo\[Nje.xlsx]Ng''ambo'!$F$42
```

Ukishajua kuisoma, anwani hii inajieleza yenyewe. Kwanza njia ya folda, kisha jina la faili ndani ya mabano ya mraba, kisha jina la shiti, halafu alama ya mshangao na seli. Alama za ' mwanzoni na kabla ya mshangao zinaifunga njia yote na jina la shiti. Na kwa kuwa shiti lenyewe linaitwa Ng'ambo, ile ' iliyo ndani ya jina inaandikwa mara mbili, la sivyo Excel itadhani jina limeishia hapo. Sisi wenye majina ya Ng'ambo na Ng'ombe tunakutana na hili mara kwa mara, na anayeandika fomula kwa mkono akasahau hiyo ' ya pili hukataliwa papo hapo.

Faili la chanzo likiwa wazi, njia ya folda hupotea na kubaki hivi:

```
='[Nje.xlsx]Ng''ambo'!$F$42
```

Kwa jina lenye ' ndani, alama za kufunga hubaki hata faili likiwa wazi. Kinachoondoka ni E:\Mauzo\ tu. Kwa hiyo anayetaka kujua kiungo kinaelekea wapi hasa, afunge kwanza faili la chanzo ndipo asome.

Basi fomula ilikuwa bado inatazama diski ya E, ambayo kompyuta yangu haikuwa nayo kabisa. Kwa nini basi ilinionyesha namba? Kwa sababu faili lenye kiungo huhifadhi ndani yake nakala ya thamani ya mwisho iliyowahi kuisoma. Kila tulipofungua Muhtasari, liliuliza kama lisasishe viungo, na ofisini tulizoea kubofya Don't Update ili kufungua haraka, kwa kuwa mafaili ya kanda tulikuwa nayo wazi na namba zake zilijisasisha zenyewe. Excel ikatuonyesha ile iliyokuwa nayo, ya Machi. Nikafunga faili, nikafungua tena, safari hii nikabofya Update. Ndipo ujumbe ukatoka kwamba baadhi ya viungo haviwezi kusasishwa. Kwenye Data, Edit Links, nikabofya Check Status, na mbele ya Nje.xlsx pakaandikwa Error: Source not found.

Lilibaki swali la kaka aliyehamisha: "Sasa mbona Kaskazini na Kusini hazikukatika, na nilizihamisha vilevile?" Swali zuri sana. Nilitoa nakala ya Muhtasari, nikabadilisha .xlsx kuwa .zip, tukaingia xl, externalLinks, _rels, tukasoma pamoja. Sehemu inayohusika ilikuwa hivi:

```
Target="Kaskazini.xlsx"
Target="file:///E:\Mauzo\Nje.xlsx"
```

Faili likiwa folda moja na chanzo chake, Excel huandika jina tu. Hamisha yote mawili pamoja, yatakutana popote yaendapo. Chanzo kikiwa diski nyingine, huandikwa anwani nzima, na anwani hiyo haijali mmehamia wapi. Kwenye skrini viungo vyote vilionekana na njia ndefu, kwa hiyo tofauti hiyo huioni kwa kutazama fomula peke yake.

Mtu mmoja akashauri tubofye Break Link ili ujumbe usitusumbue tena. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Break Link haitengenezi kiungo, inaifuta fomula na kuacha thamani iliyopo, na haiwezi kutenduliwa. Ile 4,318 ingekuwa namba ya kudumu.

Nikachagua Change Source, nikaelekeza S:\Fedha\Hesabu\Nje.xlsx. Fomula zote zilizotaja faili hilo zikabadilika kwa mpigo, na seli ikaonyesha 612.

612! Mama akatikisa kichwa, na mimi pia. Nikafungua Nje.xlsx. Mwezi huo walikuwa wameongeza mteja mpya, wakaingiza mstari mmoja juu ya jumla. Jumla ikashuka hadi F43, na F42 sasa ilikuwa katoni za mteja wa mwisho. Muhtasari ungekuwa wazi kwenye kompyuta ileile wakati mstari unaingizwa, fomula ingejirekebisha yenyewe. Ukiwa umefungwa, haujui kilichotokea, na hurudi kwenye anwani ileile iliyoandikwa. Kosa la namna hii naliogopa kuliko kiungo kilichokatika, maana hapa hata Check Status hujibu kwamba mambo ni sawa.

Nikaipa seli ya jumla jina ndani ya Nje.xlsx, JumlaNgambo, kupitia kisanduku cha jina kilicho kushoto mwa mstari wa fomula. Kisha kwenye Muhtasari nikaandika:

```
='S:\Fedha\Hesabu\Nje.xlsx'!JumlaNgambo
```

Hapa mabano ya mraba na jina la shiti havipo tena, kwa sababu jina hilo ni la faili zima. Namba ikasoma 3,977, na mama akaikubali baada ya kuilinganisha na hati za kusafirishia.

Kabla ya kufunga nilibofya Ctrl+F, nikatafuta .xlsx ndani ya fomula za faili zima, kuona kama kuna kiungo kingine kilichosahaulika, kisha nikapitia Name Manager, maana viungo hujificha huko pia bila kuonekana kwenye seli yoyote. Kulikuwa na jina moja la zamani lililoelekea E:\Mauzo, halitumiki popote. Nikalifuta.

Mei waliingiza wateja wengine wawili. Jumla ikashuka hadi F45, na Muhtasari ukaileta bila mtu kugusa fomula.