Mama alivyoharisha baada ya antibayotiki za hospitalini

Mama alilazwa kwa nimonia, akachomwa sindano za seftriaksoni, akarudi nyumbani kifua kikiwa kimetulia. Wiki iliyofuata akaanza kuharisha. Kuharisha kidogo ukiwa kwenye antibayotiki ni jambo la kawaida, kwa sababu dawa huua vijidudu vya ugonjwa pamoja na bakteria wema wa utumboni, na mara nyingi choo hurudi sawa dozi ikiisha. Lakini Mama alikuwa ameshamaliza dozi, na hali ilizidi siku hadi siku. Aliamka usiku kwenda chooni, choo kikiwa maji matupu yenye harufu kali, tumbo likimsokota, jioni homa inapanda.

Shangazi, kwa nia njema, alileta vidonge vya loperamaidi. Nilimwomba tusimpe. Dawa hiyo hupunguza mwendo wa utumbo, na kama kuna sumu ndani, haifai ikawie humo. Tulimpa maji ya ORS kidogo kidogo na kumpeleka hospitali.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi majina ya dawa zote alizopewa wodini na tarehe zake. Neno langu la kwanza lilikuwa: "Daktari, Mama ametoka kulazwa, na alipewa antibayotiki." Nina hakika sentensi hiyo ndiyo iliyookoa muda. Kipimo cha kawaida cha choo, kile cha kutafuta minyoo na amiba, hakimwoni bakteria anayeitwa Klostridioides difisile. Lazima daktari amshuku na aagize kipimo chake, tena kwa choo kilicholegea. Alitueleza kwamba bakteria wema wakishafyekwa, huyu hupata nafasi, huzaliana na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo mpana. Anaweza kuanza mgonjwa akiwa bado anatumia dawa, au hata wiki kadhaa baadaye, na wazee ndio wanaoumia zaidi.

Majibu yalimthibitisha. Seli nyeupe za damu zilikuwa 22,000 kwa mikrolita, na zikifika 15,000 tu ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Kreatinini, kipimo cha figo, nayo ilikuwa imepanda. Mama akalazwa tena, akawekewa dripu ya maji.

Niliposikia anaanzishiwa antibayotiki nyingine nilishtuka, nikauliza. Daktari akasema hii ni vankomaisini ya kumeza, miligramu 125 mara nne kwa siku, kwa siku 10. Ikimezwa, karibu yote hubaki utumboni, mahali adui alipo. Ikipitishwa kwenye mshipa, haifiki huko kwa kiwango cha kutibu. Ndiyo maana kila zamu ya wauguzi ilipobadilika niliuliza kwa upole kama dozi yake ni ya mdomoni. Omeprazoli aliyokuwa akimeza bila sababu ya wazi nayo ilisimamishwa, kwani dawa za kupunguza asidi zimehusishwa na ugonjwa huu.

Onyo moja la daktari halijanitoka kichwani: "Kuharisha kukikatika ghafla huku tumbo linavimba na kuwa gumu, usifurahi. Mwite muuguzi hapo hapo." Utumbo unaweza kupooza na kutanuka, choo kikabaki ndani na sumu yake. Presha kushuka, kuchanganyikiwa na kukosa mkojo ni dalili za hatari vilevile, na hapo daktari wa upasuaji huitwa. Kila asubuhi niliweka kiganja juu ya tumbo la Mama. Lilibaki laini, na siku chache baada ya kuanza dawa homa ikashuka.

Nyumbani kazi kubwa ilikuwa choo. Bakteria huyu huacha vijimbegu vyenye ganda gumu ambavyo kitakasa mikono chenye spiriti hakiviui. Kila mtu alinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka ili viondoke mikononi, na choo tulikisugua kwa dawa ya klorini, tukavaa glavu.

Dozi ilipoisha, nilitaka choo kipimwe tena nijue kama amepona. Daktari alikataa, na sababu yake niliikubali: kipimo kinaweza kuendelea kumwonyesha bakteria hata kwa mtu aliyepona, kwa hiyo kinachoangaliwa ni mgonjwa mwenyewe. Alitutaka tukae macho kwa wiki 8 hivi, kwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 5 hurudiwa. Kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku kukianza tena, turudi bila kusubiri.

Haukurudi. Kadi yake ya kliniki sasa ina jina la ugonjwa na tarehe, na akiandikiwa antibayotiki yoyote, hata ya jino, huwa naionyesha kwanza ili daktari apime kama inahitajika kweli na achague isiyovuruga sana utumbo.