Siku moja maishani mwangu: barua ya kuwaalika wazazi watupe jina la maktaba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimekwisha kukaa mezani na rasimu ya pili ya barua, kwa sababu Mwalimu Mkuu alitaka aione kabla ya paredi. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mjini Tanga, na chumba chetu cha maktaba kimekamilika: rafu zimepigwa, vitabu vimeandikishwa kwenye daftari, mikeka imetandikwa. Kilichobaki ni jina juu ya mlango. Kamati ya shule iliamua kwamba jina litoke kwa wazazi, nami nikapewa kazi ya kuwaandikia.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa mtindo tuliouzoea maofisini, yaani anwani ya shule juu kulia, kumbukumbu namba, tarehe, kisha "Yah: Maombi ya mapendekezo ya jina la maktaba", na baada yake "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu". Alfajiri ile nilibadilisha vitu vichache tu, nikaridhika, nikaondoka.

Saa moja kasoro robo nilifika shuleni nikamkuta mama anayetupikia uji akikoleza moto. Ana watoto wawili hapa, mmoja Darasa la Tatu na mwingine la Sita, kwa hiyo nikamwomba anisomee barua kwa sauti kama mzazi mwingine yeyote. Alisoma vizuri hadi sentensi ya pili, iliyosema: "Unaombwa kuchangia mawazo yako kuhusu jina la maktaba yetu mpya." Hapo akanyamaza, akanirudishia karatasi, akauliza kwa upole, "Sasa ni shilingi ngapi, Mwalimu?"

Swali hilo lilinifaa kuliko maoni yote niliyopata siku hiyo. Ingawa michango ya lazima ilifutwa tangu Januari 2016, mzazi anayepokea karatasi yenye muhuri wa shule bado hutafuta kwanza kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mimi nilikuwa nimempa "maombi" katika kichwa cha habari na "kuchangia" katika mstari wa pili, na baada ya maneno hayo mawili hakuna aliyeendelea kusoma kwa makini. Nilipokuwa nikiandika, "kuchangia mawazo" nililiona kuwa neno la adabu tu. Lilipotamkwa jikoni, karibu na sufuria ya uji, nilisikia wazi kwamba linadai pesa.

Kabla ya kengele ya paredi nilikata maneno yote mawili. Kichwa kikawa "Yah: Mwaliko wa kupendekeza jina la maktaba ya shule", na sentensi ya kwanza kabisa ikawa: "Barua hii haihusu malipo wala mchango wowote." Mwalimu Mkuu aliona kwamba si kawaida kuanza barua kwa kukanusha, nikamweleza yaliyotokea jikoni, naye akakubali.

Saa nne, wakati wa mapumziko, tulikaa naye kuweka mipaka, maana ukimwambia mzazi "pendekeza jina" bila mipaka atakupa jina la mtu anayemheshimu leo, na huenda mtu huyo yuko hai na bado yumo katika siasa. Ukilikataa baadaye, umemkosea mzazi na umemkosea huyo mtu. Tukaandika kwamba jina laweza kuwa la mahali, la kitu, au la mtu aliyekwisha kufariki.

Mpaka wa pili ulitoka kwa fundi wa maandishi. Ukuta ulio juu ya mlango una upana wa meta 3, na kila herufi, pamoja na nafasi yake, hula sentimeta 15, kwa hiyo mstari mmoja hubeba herufi 20. Maneno "Maktaba ya" yatakaa mstari wa juu, jina lenyewe mstari wa chini. Tulijaribu majina mawili tuliyotazamia kuyapata: Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga yetu hii, na Bibi Titi Mohamed. La kwanza huchukua nafasi 14, la pili 17, yote yanaenea. Barua ikasema "jina lisizidi herufi 20", na hatukuingia katika hesabu za ukuta.

Tulibishana kidogo kuhusu kura. Mwalimu mwenzangu alitaka jina litakaloletwa na wengi lishinde, lakini nimeona ukoo mmoja wenye nyumba nane ukikubaliana jioni moja. Niliona ni haki kusema tangu mwanzo kwamba kamati itasoma sababu, na kwamba wingi wa karatasi hautahesabiwa kama kura. Ndiyo maana kipande cha kurejesha, kile kinachokatwa chini ya barua, kina mistari miwili ya jina na mitano ya sababu. Mzazi huandika kadiri ya mistari anayoiona.

Saa saba nilikwenda kutoa fotokopi. Nilikuwa nimepitia rejista na kuhesabu familia 376, na kwa kuwa barua mbili zinaenea kwenye karatasi moja, karatasi 188 zingetosha. Nikatoa 190 kwa shilingi 100 kila moja, yaani 19,000 kutoka fedha za uendeshaji. Barua niliwapa watoto wakubwa wa kila familia, si wadogo, kwa sababu nyumba nyingine barua husomwa na mtoto, na wa Darasa la Sita ataisoma yote. Kabla hawajatawanyika niliwasomea mara moja, nikawaambia kwamba asiyeandika aje aseme kwa mdomo, nasi tutamwandikia.

Saa kumi na nusu nilikuwa nafunga mlango wa maktaba nilipomwona bibi mmoja akija polepole, ameongozana na mjukuu wake wa Darasa la Tano aliyeishika barua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesomewa. Nimekuja kusema."

Nilimpa kiti, nikatoa kipande cha kurejesha na kalamu. Alinionyesha kwa mkono pembe ya chumba, upande wa dirisha, akasema kwamba pale pale palikuwa na kisima kabla shule haijajengwa, kwamba kilifukiwa mabomba yalipofika, na kwamba yeye na wenzake walikuwa wakikutana hapo kila asubuhi na ndoo zao. Nina miaka sita katika shule hii na hakuna aliyewahi kuniambia hayo.

"Andika Kisimani," alisema. "Watoto wakiulizwa wanakwenda wapi, wajibu wanakwenda Kisimani, kama tulivyokuwa tukijibu sisi."

Niliandika jina, nikahesabu herufi zake, nane, kisha nikaandika sababu kama alivyoitamka hadi mistari yote mitano ikajaa na maneno mawili yakaangukia pembeni. Aliniomba nimsomee. Nilipofika kwenye neno "ndoo" alinisimamisha, akasema haikuwa ndoo ya plastiki, nayo hiyo iandikwe. Nikaongeza "za bati" juu ya mstari, nikakitia kipande hicho, cha kwanza kurudi, ndani ya sanduku.