Mapazia huja mwisho

Mnaouliza mtandao mpya wa mafundi ujenzi huanza kuleta kazi baada ya miezi mingapi: kwangu mimi mshona mapazia, ni kama 6 hadi 10. Fundi niliyefahamiana naye leo, nyumba anayojenga iko kwenye msingi. Pazia linasubiri lipu, madirisha na rangi, na mwenye nyumba akiishiwa hela hapo katikati, ongeza miezi.

Simsumbui kila wiki. Nauliza nyumba imefikia wapi, naandika. Ikifika lipu, naomba niende kuwaonyesha waache sentimita 15 hivi juu ya dirisha kwa ajili ya bomba la pazia. Mara nyingi hapo ndipo mwenye nyumba anaomba namba yangu.

Anayenyamaza hadi rangi inakauka, namwachia salamu za sikukuu tu.